Kugeuza mhadhara kuwa mazungumzo ya sauti mbili: nilivyofanya kwa mada ya sukari ya damu

Mhadhara uliorekodiwa haufai kudurusia kwa sikio, hata mhadhiri awe hodari namna gani. Mhadhiri huongea huku akionyesha. "Mnaona hapa inapanda, halafu mshale huu unarudi huku, na huyu anamzuia yule." Darasani maneno hayo yanaeleweka kwa sababu slaidi iko mbele yenu. Ukiyasikiliza wiki mbili baadaye ukiwa unatembea au unafua nguo, hujui nani anamzuia nani. Tena mhadhara wa dakika 50 una marudio, matangazo ya kazi za darasani, maswali ya watu wa nyuma yasiyosikika, na hoja nne au tano tu ambazo mtihani utazigusa.

Nilianza kuandika skripti za mazungumzo nilipokuwa nasoma fiziolojia, na mada iliyonifundisha mengi ilikuwa jinsi mwili unavyodhibiti sukari ya damu. Nitaeleza kwa mada hiyo hiyo, kwa kuwa karibu kila ugumu wa kazi hii umo humo: majina yanayofanana, grafu yenye mistari mitatu, na dhana moja ambayo wanafunzi wengi huielewa kinyume. (Mhadhiri niliyemrekodi nilimwomba ruhusa kwanza, na faili tulibaki nalo sisi wenyewe.)

Kabla ya kuandika neno lolote natafuta maswali. Sifuati mpangilio wa slaidi. Nasoma maandishi yangu na kila ninapokuta maelezo najiuliza: haya yanajibu "kwa nini" ipi? Mahali pasipo na "kwa nini", kama orodha ya majina au tarehe za ugunduzi, napaacha kwenye karatasi, maana sikio halina cha kufanya na orodha. Mhadhara ule wa sukari ulinipa maswali manne. Kwa nini sukari haimaliziki kwenye damu usiku mzima usipokula? Kwa nini akiba ya misuli haisaidii damu? Kwa nini sukari hushuka yenyewe baada ya mlo? Na kwa nini mtu mwenye kisukari aina ya kwanza, asiyetibiwa, sukari yake huwa juu hata asipokula? Slaidi zilikuwa zaidi ya thelathini, lakini mambo mengine yote yalikuwa yanajibu mojawapo ya hayo manne au hayakuwa na kazi.

Maswali manne yanatosha skripti ya dakika 10 hadi 12. Kwa mwendo wetu wa kusoma, hiyo ni maneno kama 1,000 hivi ukitoa nafasi za kimya. Ikizidi hapo naigawa, kwa sababu rekodi ya nusu saa huwa nasikiliza mwanzo tu.

Kisha inakuja kazi yenyewe, nayo ni kumpa kazi msemaji wa pili. Hapa ndipo skripti nyingi nilizowahi kusikia zinapokufa. Msemaji wa kwanza anatoa mhadhara, wa pili anasema "ahaa", "kumbe", "hebu endelea". Kuna kipimo chepesi: funika mistari yote ya msemaji wa pili kwa mkono, usome ya wa kwanza peke yake. Ikiwa mhadhara umebaki mzima na unaeleweka, wa pili hana kazi, na ulichoandika ni mhadhara ule ule uliokatwakatwa. Hiki hapa kipande cha namna hiyo:

MJUZI: Kongosho hutoa homoni mbili, insulini na glukagoni.
MDADISI: Ahaa, mbili!
MJUZI: Ndiyo. Glukagoni huchochea ini livunje glaikojeni.
MDADISI: Kumbe ini nalo linahusika.

Mdadisi wa hapo hajafikiri lolote. Mimi nampa kazi tatu: kuuliza swali ambalo msikilizaji angeuliza, kukisia jibu kabla ya kuambiwa, na kulisema upya kwa maneno yake mwenyewe. Sehemu ile ya ini ilipoandikwa upya ilikuwa hivi:

MDADISI: Nimelala kwa muda wa saa nane bila kula. Mbona sukari yangu haijaisha?
MJUZI: Tupige hesabu. Damu yako yote, lita 5 hivi, ina glukosi gramu kama 5. Ubongo peke yake hutumia gramu kama 120 kwa siku. Gramu hizo 5 zitautosha ubongo muda gani?
(KIMYA, SEKUNDE 10)
MDADISI: 120 kwa saa 24 ni gramu 5 kwa saa. Kwa hiyo zinatosha saa moja tu!
MJUZI: Saa moja, nawe umelala nane. Basi kuna mahali glukosi inatoka usiku kucha. Ni wapi?
(KIMYA, SEKUNDE 5)
MDADISI: Kwenye misuli? Maana huko ndiko kwenye akiba kubwa.
MJUZI: Hapana, ni kwenye ini. Misuli ina akiba kubwa zaidi, lakini haiwezi kuitoa kwenda kwenye damu. Ikishavunjwa, glukosi ya misuli huwa imefungwa fosfeti, na misuli haina kimeng'enya cha kuing'oa fosfeti hiyo. Ikiwa na fosfeti haitoki nje ya seli.
MDADISI: Kwa hiyo misuli ina akiba yake yenyewe, na ini lina akiba ya mwili mzima, kwa sababu ini lina kimeng'enya hicho.

Funika mistari ya Mdadisi hapo uone. Hakuna aliyeipiga hesabu, na hitimisho la mwisho halipo. Ile hesabu ya saa moja haikuwa kwenye slaidi yoyote. Namba zote mbili zilikuwepo, kila moja kwenye ukurasa wake, na ni msemaji wa pili aliyelazimisha zikutane. Hadi leo nikiulizwa ini lina kazi gani usiku, naanzia kwenye zile gramu 5.

Lakini kumfanya Mdadisi akosee kuna hatari yake, nayo ni kubwa kwa sikio kuliko kwa jicho. Anayesoma anaona sentensi yenye kosa na sahihisho lake kwa pamoja. Anayesikiliza huku akifanya kazi nyingine anaweza kudaka "kwenye misuli" na kulikosa "hapana" lililofuata kwa sababu gari limepiga honi. Kwa hiyo kosa naliandika kama swali tu, kamwe si kama taarifa. Mjuzi analikata papo hapo kwa neno la kwanza la mstari wake, wala haanzi na "swali zuri" au "inategemea". Na jibu sahihi linatamkwa na wote wawili, Mdadisi akiwa wa mwisho, ili sauti iliyokosea ndiyo hiyo hiyo iliyosahihisha. Kosa lenyewe lazima liwe lile ambalo watu hukosea kweli. Mwenzangu niliyekuwa nikirekodi naye alikuwa na tabia nzuri ya kupita kwa wanadarasa na kuwauliza swali moja kabla hatujaandika, na hili la misuli lilitoka huko: wengi walilijibu hivyo bila kusita. Kosa la kubuni, ambalo hakuna mtu angelifanya, linapoteza muda na linamfanya Mdadisi aonekane mjinga, na msikilizaji huacha kujiona ndani yake.

Sasa lugha yenyewe. Mada hii ina glukosi, glukagoni na glaikojeni. Kwenye karatasi jicho linayatofautisha. Kwenye spika ya simu, mtu akisoma kwa kasi ya kawaida, yanakuwa kitu kimoja. Juu ya hapo, yote matatu pamoja na insulini yanachukua "i-" kwenye kitenzi, kwa hiyo tukiandika kama tulivyozoea kuandika madokezo tunapata sentensi kama hii: "Ikipanda, inatolewa, nayo inaishusha." Kwenye slaidi mishale inasema nani ni nani. Kwa sikio hakuna kinachojulikana. Kwenye skripti nikaweka sharti kwamba jina lirudiwe kila kitenzi kinapobadilisha mwenyewe: "Glukosi ikipanda, kongosho linatoa insulini, na insulini inashusha glukosi." Ukiisoma kimyakimya inachosha, ina marudio. Ukiisikia inapita vizuri kabisa.

Majina nayo nayaambatanisha na kazi. Glukagoni haipiti peke yake mwanzoni mwa swali jipya, inaitwa "glukagoni, ile homoni ya kupandisha". Glaikojeni inakuwa "glaikojeni, akiba ya ini". Sikuyaondoa majina, kwa sababu mtihani unayataka, ila nilihakikisha hakuna mstari mmoja wenye yote matatu. Ukiwa na skripti yako, isome kwa sauti mbele ya mtu asiyesoma somo hilo, naye ainue mkono kila anapopoteza "nani anafanya nini". Hahitaji kujua fiziolojia ili akuonyeshe palipo na tatizo, na mara nyingi panakuwa pale pale kiwakilishi kilipochukua nafasi ya jina.

Grafu ilinichukua muda mrefu kuliko kipande kingine chochote. Kitabuni ilikuwa picha moja yenye mistari mitatu baada ya mlo: glukosi, insulini, glukagoni, yote kwa pamoja. Kuieleza kama ilivyo, "mstari wa juu unapanda huku wa chini ukishuka", ni kurudia kosa lile lile la mhadhara. Nilichofanya ni kuigeuza kuwa safari ya muda, mstari mmoja kwa wakati mmoja. Tunaanza na glukosi peke yake: kabla ya mlo, kwa mtu mwenye afya, iko kwenye miligramu 90 hivi kwa desilita, inapanda na kufika kilele ndani ya saa ya kwanza au karibu na hapo, kufikia saa ya pili iko chini ya 140 na inaendelea kurudi ilikotoka. Hapo tunasimama. Mjuzi anasema, "Turudi mwanzo wa mlo, sasa tumfuate insulini." Insulini inapanda nyuma tu ya glukosi, na inashuka ikiifuata. Halafu mstari wa tatu hauelezwi:

MJUZI: Turudi mwanzo wa mlo mara ya mwisho. Glukagoni, ile homoni ya kupandisha, itaelekea wapi glukosi ikiwa inapanda? Na kwa nini?
(KIMYA, SEKUNDE 7)
MDADISI: Itashuka. Glukosi ikiwa nyingi hakuna haja ya ini kuongeza nyingine.

Msikilizaji akishaijua mistari miwili ya kwanza, wa tatu anauchora mwenyewe kichwani. Namba za kushika kwenye safari nzima ni tatu tu, 90, saa ya pili na 140, na zote zilirudiwa mwishoni mwa kipande. Kilele nilikiacha bila namba kwa makusudi, kwa sababu kinategemea mlo, na namba ya kilele ingegombana na hiyo 140 masikioni.

Niseme kuhusu kimya, kwa kuwa ndicho watu hukata kwanza wanapohariri. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha majaribio ambapo wanafunzi walisoma kifungu, kisha wengine wakakisoma tena na wengine wakajaribu kukikumbuka kwa kuandika bila kukitazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya siku 2 na baada ya wiki 1, mambo yaligeuka: waliojikumbusha ndio waliokuwa na mengi kichwani. Kusikiliza mazungumzo matamu kunafanana na kurudia kusoma. Unatoka umeridhika, kila kitu kimepita vizuri, na siku ya mtihani huna cha kuandika. Kimya kile ndicho pekee kinachomlazimisha msikilizaji kutoa kitu kichwani mwake kabla hajapewa.

Tatizo ni kwamba anayesoma skripti haelewi urefu wa sekunde 5. Kwake ni kama milele, anakimbilia mstari unaofuata baada ya sekunde 2. Kwa hiyo kwenye skripti naandika muda kwa herufi kubwa, kama ulivyoona, na wakati wa kurekodi mmoja wetu anatazama saa na kunyanyua kidole muda ukitimia. Swali la jina au la mwelekeo, kupanda au kushuka, linahitaji sekunde 5. La "kwa nini" 7 au 8. La hesabu 10. Utajua kimya ni kifupi kama, unaposikiliza, jibu la Mdadisi linakukuta katikati ya sentensi yako mwenyewe. Rekebisha hapo hapo, usijizoeze kuwahi.

Kurekodi kwenyewe si jambo kubwa. Simu moja katikati ya watu wawili, chumba chenye mapazia na nguo nyingi ili mwangwi usirudi, kila mmoja ameshika skripti yake iliyochapwa ili kusiwe na kupapasa skrini. Watu wawili wa kweli ni bora kuliko mtu mmoja anayebadilisha sauti, na sauti zikitofautiana kwa uzito ni vizuri zaidi. Usiweke sauti moja kulia na nyingine kushoto. Wengi husikiliza kwa sikio moja, na hapo nusu ya mazungumzo hupotea. Muziki wa mwanzo na salamu za "karibuni tena" tuliviondoa, kwa kuwa unapoisikiliza rekodi mara nyingi vinakuwa kero kabla hujafika kwenye swali.

Swali la nne, la kisukari, ndilo lililotumika kupima kama skripti imefanya kazi. Nilisikiliza rekodi, nikakaa hadi kesho yake, kisha kwenye karatasi tupu nikaandika mnyororo mzima kuanzia mwili usipokuwa na insulini: seli za kongosho zinazotengeneza insulini zimeharibiwa na kinga ya mwili yenyewe, hakuna insulini ya kuizuia glukagoni wala ya kulituliza ini, ini linaendelea kumimina glukosi kana kwamba mtu ana njaa, misuli na mafuta navyo havipokei ipasavyo, sukari inapanda hata bila mlo. Wanadarasa wawili waliofanya hivyo nao waliandika kila kitu isipokuwa ini. Walieleza misuli kukosa kupokea glukosi, wakaishia hapo. Watu wawili kukosa kiungo kimoja hicho hicho si bahati mbaya, ni skripti. Tulipoirudia tukakuta ini limetajwa na Mjuzi peke yake, ndani ya sentensi ndefu, bila swali mbele yake na bila Mdadisi kulisema upya. Tukaongeza mistari minne:

MDADISI: Lakini hajala tangu asubuhi. Sukari hiyo inatoka wapi?
(KIMYA, SEKUNDE 7)
MJUZI: Ni nani aliyekuwa anatoa glukosi usiku ulipokuwa umelala?
MDADISI: Ini. Na sasa hakuna insulini ya kuliambia liache.

Angalia kwamba Mjuzi hakujibu. Alimrudisha Mdadisi kwenye swali la kwanza la skripti, na hapo mada nzima ikaungana. Mistari ya namna hii huwezi kuipanga tangu mwanzo. Inaonekana tu mtu anapoandika kwenye karatasi tupu na mnyororo wake ukakatika mahali.

Kuna mada ambazo sizigusi kwa njia hii. Ukokotoaji wa hatua nyingi, miundo ya kemikali, njia za mishipa mwilini: hizo zinataka kalamu na mchoro. Hata kwenye sukari, jina kamili la kile kimeng'enya, glukosi-6-fosfatesi, lilibaki kwenye kadi ya karatasi pamoja na majina ya visafirishi vya glukosi. Mazungumzo yanabeba sababu, kadi zinabeba majina.

Baada ya wiki kama mbili skripti nyingine huzoeleka hadi unamjibu Mdadisi kwa maneno yake mwenyewe, kwa lafudhi yake, bila kufikiri. Hapo tunatengeneza toleo la pili kutoka kwenye rekodi ile ile. Tunakata majibu yote ya Mdadisi, tunabakiza maswali, na tunarefusha kimya kuwa sekunde 15. Masahihisho ya Mjuzi yanabaki mahali pake, ila lile "hapana" la mwanzo linaondolewa, maana sasa hajui umejibu nini. Toleo hilo ndilo nililosikiliza siku za karibu na mtihani, tena nikijibu kwa sauti, jambo lililonilazimu kuchagua njia za kutembea zisizo na watu wengi.